Simu iko mkononi mwako, mazungumzo yako yako wapi?

Maelezo haya yameandaliwa ili yasomwe katika kikao cha kikundi cha vijana. Kila mwenye simu na aiweke mkononi kabla ya kuanza.

Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha vijana mjini Mbale, mashariki mwa Uganda. Siku moja aliingia katika duka la kuchapisha ili atoe nakala ya orodha ya wanachama aliyotumiwa kwa WhatsApp. Alifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya dukani, akaelekeza kamera ya simu yake kwenye msimbo wa QR, faili ikachapwa, akalipa na kuondoka. Kwenye kompyuta alifunga dirisha tu. Wiki tatu baadaye wanachama wawili wakamwuliza kwa nini aliwaomba shilingi 50,000 usiku wa manane. Ujumbe ulitoka kwenye akaunti yake mwenyewe, ilhali yeye alikuwa amelala.

Kosa lilikuwa hapo dukani. Kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Kompyuta ile iliendelea kutambuliwa kuwa kifaa chake, na yeyote aliyefungua ukurasa ule tena aliyakuta mazungumzo yake.

Wizi wa namna hii hauna kelele. Mtu akiisajili namba yako kwenye simu nyingine, simu yako hutolewa kwenye akaunti na wewe hujua papo hapo. Lakini kifaa kilichounganishwa hufanya kazi sambamba na simu yako, ambayo haionyeshi hitilafu yoyote. WhatsApp huruhusu hadi vifaa vinne vya ziada. Dalili ni ndogo: ujumbe ambao hukuufungua unaonekana umeshasomwa, au rafiki anajibu neno ambalo hukulisema.

Sasa tukague. Kwenye simu ya Android, fungua WhatsApp, gusa vidoti vitatu vilivyo juu, kisha `Linked devices`. Kwenye iPhone, maneno hayo yamo ndani ya `Settings`. Utaona orodha ya vifaa, na kando ya kila kimoja wakati kilipotumika mara ya mwisho.

Katibu wetu alikuta viwili. Cha kwanza kilikuwa kompyuta ya dada yake, anayoitumia nyumbani. Cha pili kiliandikwa `Google Chrome (Windows)`, na kilitumika usiku uliopita. Jina hilo halimtaji mtu wala duka. Hutaja tu kivinjari na mfumo wa kompyuta. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, saa ile mimi nilikuwa kwenye kompyuta? Jibu likiwa hapana, gusa kifaa hicho, kisha `Log out`. Ukiwa na shaka, kiondoe vilevile. Kama kilikuwa chako, utakiunganisha tena kwa dakika moja.

Wengine husema kwamba kifaa hujitoa chenyewe baada ya siku 14. Siku hizo huhesabiwa pale ambapo simu yako kuu haitumiki. Anayefungua WhatsApp kila siku kwenye simu yake asitegemee kanuni hiyo.

Kwa Telegram, ingia `Settings`, kisha `Devices`. Huko huonyeshwa pia mahali kifaa kilipo, lakini mahali hapo hukisiwa kutokana na mtandao. Ukiwa Mbale, huenda simu yako mwenyewe ikaandikwa Kampala. Usiogope kwa sababu ya jina la mji peke yake. Tazama aina ya kifaa na wakati. Kitufe cha `Terminate All Other Sessions` huvitoa vifaa vyote isipokuwa simu uliyoishika.

Kuna mambo mawili ambayo ukaguzi huu hauwezi kuyafanya. Kwanza, hauyarudishi yaliyokwisha kusomwa au kupigwa picha. Kwa hiyo katibu aliwaarifu wanachama wote kwa kuwapigia simu, wasitume fedha, na wajue kwamba namba zao zilionekana. Pili, haumzuii mtu kuunganisha kifaa kingine kesho, ikiwa anaijua namba ya siri ya kufungulia simu yako. Katibu aliibadilisha siku ileile.

Mlango mwingine ni msimbo wa QR au herufi na tarakimu nane unazoombwa kuingiza ili upate zawadi, upige kura ya shindano au ujiunge na kundi. Kabla ya kukubali, soma kilichoandikwa kwenye kioo cha simu yako. Kikitaja kuunganisha kifaa, wewe ndiye unayemfungulia mgeni mlango.

Msomaji na asimame hapa, ili kila mmoja afungue orodha yake na kukitambua kila kifaa kilichomo.