Malheureusement na kauli kanushi katika barua pepe za Kifaransa

Katika barua pepe za kazi zinazoandikwa kwa Kifaransa, kielezi malheureusement, yaani "kwa bahati mbaya", huwekwa mara nyingi mwanzoni mwa sentensi, mahali ambapo hakifafanui kitenzi kimoja bali hutoa hukumu juu ya sentensi nzima. Kwa sababu ya nafasi hiyo, msomaji hupokea hukumu kabla ya habari yenyewe: hajajua ni mzigo gani umechelewa wala utachelewa kwa siku ngapi, lakini amekwisha kuarifiwa kwamba jambo ni baya. Kikitumika mara moja, na kwa jambo lenye uzito, kielezi hicho huonyesha kwamba mwandishi anautambua usumbufu wa mwenzake. Kikirudiwa katika kila aya hupoteza huruma hiyo na kubaki ishara ya kwamba kanusho linafuata. Kukiondoa na kuweka hélas mahali pake hakusaidii, kwa kuwa hélas ni la kuomboleza zaidi, na shida yenyewe haimo katika neno peke yake bali katika kauli kanushi, yaani sentensi inayotaja lisilokuwapo au lisilowezekana, ambayo kielezi hicho huitangulia.

Mfano wa kubuni utaonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyoshikana. Mfanyabiashara wa samani mjini Lyon ameagizwa viti 40 vinavyotakiwa kufika tarehe 12 Mei, ghalani vimo 25 tu, na mteja hakutaja ghorofa ambako viti vitapelekwa. Barua iliyoandikwa kwa haraka huweza kuwa hivi:

« Malheureusement, nous ne pouvons pas livrer les 40 chaises le 12 mai. Malheureusement, il n'en reste que 25 en stock. De plus, vous n'avez pas précisé l'étage, donc nous ne pourrons rien expédier tant que vous ne nous aurez pas répondu. »

Sarufi yake haina kosa, na kila linalosemwa ni kweli. Hata hivyo, katika mistari michache mna makanusho manne, pamoja na muundo wa ne… que, ambao si kanusho kamili bali ni wa kuwekea mpaka, sawa na "tu" au "isipokuwa" kwa Kiswahili. Lililo baya zaidi ni kwamba mteja akimaliza kusoma bado hajui atapata viti vingapi, wala lini. Anajua tarehe 12 hatapata 40. Kama atapata 25, au hatapata hata kimoja, barua haikusema. Hapo ndipo udhaifu halisi wa kauli kanushi ulipo, kwani hufunga njia moja bila kuonyesha iliyo wazi, na mteja hulazimika kuandika tena ili aulize.

Kuigeuza barua hiyo hakuanzi na kutafuta maneno matamu, bali huanza na kuuliza ni nini kinachowezekana, lini, na kwa masharti gani. Jibu likishapatikana, sentensi hujengwa juu ya jibu hilo:

« Les 25 chaises disponibles vous seront livrées le 12 mai, comme convenu, les 15 autres suivront le 22 mai, sans frais supplémentaires. Nous vous prions de nous excuser de ce retard. Si vous préférez tout recevoir en une seule fois, la livraison aura lieu le 22 mai. Afin de la préparer, pourriez-vous nous indiquer l'étage avant le 6 mai ? »

Kuchelewa hakukufichwa, kwa sababu neno retard limo na radhi imeombwa. Kilichobadilika ni kwamba ucheleweshaji umepewa idadi na tarehe, na mteja amepewa uamuzi wa kufanya. Inafaa kuangalia pia namna radhi ilivyoombwa, kwa kuwa watetezi wa Kifaransa sanifu huipendelea kauli nous vous prions de nous excuser kuliko nous nous excusons, ambayo kwao humaanisha kwamba mkosaji amejisamehe mwenyewe.

Sentensi iliyogeuka zaidi ni ile ya ghorofa. Vous n'avez pas précisé huweka kiwakilishi vous, yaani mteja, mbele ya kosa, na kuifanya barua isomeke kama shitaka, ilhali mwandishi alihitaji taarifa tu. Katika barua ya pili kosa halitajwi kabisa, na mahali pake pamewekwa lengo (afin de), ombi, na tarehe ya mwisho. Kitenzi pourriez kiko katika hali iitwayo conditionnel, ambayo Kifaransa huitumia kulainisha ombi, na sentensi tant que vous ne nous aurez pas répondu, iliyosikika kama tishio, haina kazi tena. Ikiwa upungufu hauna budi kutajwa, kwa mfano kiambatisho kilichosahauliwa, ni afadhali kuufanya ujumbe wenyewe kuwa kiima kuliko mtu: « Votre message m'est parvenu sans la pièce jointe ».

Ugeuzaji huu una mahali unapoweza kuwa hila, na mfano mzuri ni neno dès. Sentensi « nous ne pourrons livrer que le 22 mai » hukiri kwamba tarehe hiyo imechelewa, na wapo wanaoibadilisha kuwa « nous livrerons dès le 22 mai ». Lakini dès hubeba maana ya mapema, kana kwamba tarehe 22 ni habari njema, na mteja aliyeahidiwa tarehe 12 huweza kuiona kama kejeli. À partir du 22 mai haina sifa hiyo, lakini huiacha siku ya kufika bila kikomo. Le 22 mai peke yake, ikifuatana na ombi la radhi, ni ya kweli zaidi kuliko zote mbili.

Kuna barua ambazo kanusho lazima libaki. Mwombaji wa kazi aliyekataliwa anastahili kusoma « votre candidature n'a pas été retenue » kwa uwazi, kwa sababu sifa zinazozunguka uamuzi bila kuutaja humwacha akisubiri simu isiyokuja. Katika utawala wa umma wa Ufaransa jambo hili limeingia hata katika sheria: tangu sheria ya tarehe 11 Julai 1979, aina nyingi za maamuzi yasiyompendeza raia, yakiwamo ya kukataa kibali, lazima zitolewe pamoja na sababu za kisheria na za hali halisi zilizouleta uamuzi. Mwandishi wa barua ya namna hiyo akililainisha kanusho hadi lisionekane, raia hatajua kwamba kuna uamuzi wa kukatiwa rufaa. Kinachoweza kufuata kanusho lililo wazi ni maelezo ya njia iliyobaki, kwa mfano hati inayokosekana na siku za kuiwasilisha.

Malheureusement nayo ina mahali pake halali, hasa pale ambapo mwandishi hana la kupendekeza na hasara ni ya kweli kwa msomaji: semina iliyofutwa baada ya watu kukata tiketi, au nyaraka zilizoungua. Hata hapo hukaa vizuri zaidi katikati ya sentensi, baada ya kitenzi kisaidizi, kama katika « la formation du 3 juin a malheureusement été annulée », kwa kuwa msomaji hukutana kwanza na kitu kinachozungumziwa na tarehe yake, kisha huruma na habari humfikia kwa pamoja.