Alama Ileile, Kampuni Nyingine

Tarehe 9 Juni 2022, hisa za Meta, kampuni iliyoizaa Facebook, ziliacha kuuzwa kwa alama ya FB zikaanza kuitwa META. Aliyekuwa nazo hakupungukiwa na kitu. Aliyeingia hasarani ni yule aliyejitengenezea jedwali la kumwonya bei ikishuka, maana jedwali lake lilinyamaza na yeye akaudhani ukimya ule ni utulivu.

Sababu ni ndogo kabisa. Alama isipotambulika, kanuni ya bei katika Google Sheets hurudisha kosa la #N/A, na watu wengi hawapendi kuliona. Basi hulifunika hivi:

```
=IFERROR(GOOGLEFINANCE(A2,"price"),"")
```

Jedwali linakuwa safi, lakini kisanduku kitupu hakiwezi kushuka bei, kwa hiyo tahadhari hailii tena. Vyanzo vingine vya bei ni vibaya zaidi: vinaacha bei ya siku ya mwisho ikikaa palepale miezi na miezi, kama saa ya ukutani iliyoishiwa betri.

Kubadili jina ni jambo moja tu. Twitter iliponunuliwa Oktoba 2022, kila hisa ililipwa dola 54.20 na alama ya TWTR ikaondolewa sokoni mwezi uliofuata. Hapo hakukuwa na alama mpya ya kuitafuta. Nairobi nako, NIC na CBA ziliungana 2019 na kuzaa NCBA, na mwaka uliofuata Barclays ya Kenya ikawa ABSA. Aliyebaki na BBK kwenye orodha yake alikuwa anafuatilia jina la jana.

Hatari kubwa, hata hivyo, ni alama inayoendelea kuishi ikiwa na mwenyewe mwingine. Kabla ya Facebook kuichukua, META ilikuwa alama ya mfuko mmoja wa uwekezaji wa Marekani unaouzwa sokoni kama hisa. Mfuko huo ulianza kuitumia katikati ya 2021, ukaiachia mwishoni mwa Januari 2022 na kuhamia METV. Kipande chake kimoja kilikuwa hakifiki dola 20. Tuseme mtu alikuwa akihifadhi bei kila siku kwa alama peke yake: faili lake linaonyesha META ya chini ya dola 20, kisha pengo la miezi minne na ushei, kisha META ya zaidi ya dola 180. Akikokotoa faida ya mwaka, atajiona tajiri. Kompyuta haikukosea hata hesabu moja. Imejumlisha mali mbili zisizojuana.

Kwa alama iliyokufa, dawa ni kuuliza bei hiyo ni ya lini. Katika safu ya C weka =GOOGLEFINANCE(A2,"tradetime"), bila kufunika kosa, na pembeni yake:

```
=IF(ISERROR(C2),"KAGUA",IF(TODAY()-INT(C2)>5,"KAGUA",""))
```

Siku tano zinatosha kuvuka wikiendi na sikukuu bila kelele za bure.

Alama iliyobadili mwenyewe haikamatwi hivyo, kwa kuwa bei zake ni za leo. Hapo inatakiwa namba isiyofuata jina. Tume ya dhamana ya Marekani, SEC, huipa kila kampuni namba iitwayo CIK. Ya Facebook ni 1326801, na ilibaki hiyohiyo baada ya jina kubadilika. Tume hutoa bure faili la company_tickers.json linalounganisha alama na namba. Mfuatiliaji anaandika namba pembeni ya kila alama siku anapoiingiza, kisha kila wiki analinganisha. Alama haipo lakini namba ipo: kampuni imebadili alama, kama Facebook. Vyote viwili havipo: huenda imenunuliwa au imeondolewa, kama Twitter. Alama ipo lakini namba ni nyingine: simamisha kila hesabu ya mstari ule mpaka ujue kilichotokea.

Si kila kengele ni ya moto. Mwaka 2015 Google ilijiweka chini ya kampuni mama, Alphabet. Alama ya GOOG haikuguswa, ila CIK ikawa mpya. Na bei kuruka peke yake si ushahidi: Nvidia ilipogawa kila hisa kuwa kumi Juni 2024, bei ilitoka takriban dola 1,200 hadi 120 bila mtu kupoteza senti. Faili hilo pia halina kampuni ambazo haziripoti SEC, hivyo kwa hisa za Nairobi au Dar es Salaam namba ya kuandika ni ISIN, nayo ikaguliwe upya kila kampuni inapotangaza muungano.

Mstari wa TWTR nao usifutwe. Uhamishwe kwenye ukurasa wa hisa zilizofungwa, ukiwa na dola 54.20 na tarehe ya malipo. Ukifutwa, faida au hasara ya hisa ile inatoweka pia kwenye jumla ya mwaka.