Bosi Anataka Ijumaa

Jumatatu tarehe 3, saa mbili na nusu asubuhi, mhasibu wa kampuni ndogo ya kusambaza vinywaji jijini Dar es Salaam anapata ujumbe mfupi kutoka kwa mkurugenzi wake. Benki imekubali kusikiliza ombi la mkopo. Taarifa ya mapato, matumizi na mtiririko wa fedha wa miezi 12 inahitajika Ijumaa. "Utaweza, sivyo?"

Mhasibu huyu ni wa mfano, ila wengi wamewahi kukaa kwenye kiti chake. Jibu linalokuja haraka ni "Sawa bosi". La pili ni "Nimebanwa sana wiki hii". Yote mawili yanamwacha mkurugenzi gizani. Akiambiwa "sawa", hajui kuna kitu kingine kitakachoanguka. Akiambiwa "nimebanwa", anasikia manung'uniko, na hana cha kuamua.

Kabla ya kujibu, mhasibu huyu anachukua kalamu na kupiga hesabu ya saa. Ofisi hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Ukitoa saa moja ya chakula, zinabaki saa 8 kwa siku, yaani 40 kwa wiki. Lakini hapo hajahesabu simu za wateja, ankara zinazoletwa mkono kwa mkono na madereva wanaodai posho ya mafuta. Anajua hayo humla kama saa 2 kila siku. Saa alizonazo kweli ni 30.

Kisha anaandika kazi zilizokwisha kupangwa. Mishahara ya Oktoba pamoja na kodi yake ni saa 7. Kuhesabu mali stoo siku ya Jumatano ni saa 6. Kusuluhisha daftari la fedha na taarifa ya benki ni saa 8, na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani ni saa 7. Jumla ni saa 28. Taarifa ya mkopo anaikadiria saa 14. Kazi za saa 42 haziingii kwenye saa 30. Pengo ni saa 12.

Makadirio hayo hakuyatoa kichwani. Alifungua mafaili ya miezi iliyopita akaona kila kazi ilianza lini na kumalizika lini. Ana sababu ya kufanya hivyo. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambamo waliwauliza wanafunzi wa chuo wangemaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Kwa wastani walijibu 34. Ikawachukua 55. Mtu akitazama kazi iliyo mbele yake huiona ikienda vizuri mwanzo hadi mwisho. Anasahau kuwa mara ya mwisho risiti za mwezi mzima hazikuonekana.

Jambo la pili analofanya ndilo hasa linaloupa ujumbe wake nguvu. Anachambua tarehe ipi haiwezi kusogea na ipi ni mazoea tu. Kwa Tanzania, kodi inayokatwa kwenye mishahara hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kwa hiyo Ijumaa ileile tarehe 7 ndiyo siku ya mwisho, na kuchelewa kunaleta riba na adhabu. Ritani ya ongezeko la thamani husubiri hadi tarehe 20. Yeye ameizoea kuimaliza wiki ya kwanza ili apumue, lakini Mamlaka ya Mapato haimdai wiki hiyo. Usuluhisho wa benki nao hauna tarehe ya kisheria, ila ukirukwa, taarifa ya mkopo itakuwa na namba zisizolingana na zile ambazo benki yenyewe inazo. Ofisa wa mikopo hataacha kuliona hilo.

Kabla ya saa 4 asubuhi, jibu linakwenda:

"Shikamoo bosi. Nimepokea kuhusu taarifa ya benki. Wiki hii nina saa 30 za kazi, na zilizopangwa ni 28: mishahara na kodi yake (mwisho Ijumaa hii, haisogei), stoo Jumatano, usuluhisho wa benki, na ritani ya ongezeko la thamani (mwisho tarehe 20). Taarifa kamili inahitaji saa 14. Naona njia tatu. Ya kwanza: taarifa kamili Ijumaa. Ritani nitaisogeza wiki ijayo, na stoo atahesabu mtunza stoo bila mimi kuwepo. Ya pili: kila kitu kibaki kama kilivyo, taarifa upate Jumatano tarehe 12. Ya tatu: Ijumaa saa 5 asubuhi upate muhtasari wa kurasa mbili wenye mauzo, faida na salio la fedha, kisha taarifa kamili Jumatano tarehe 12, kinachosogea ni ritani tu. Napendekeza ya tatu, kama kikao cha Ijumaa ni cha mazungumzo ya awali. Naomba uamuzi wako leo kabla ya saa 8 mchana, kwa sababu kesho naandaa karatasi za stoo."

Ujumbe huu hauna neno "haiwezekani". Njia ya kwanza inampa bosi kile alichoomba, pamoja na gharama yake: mtunza stoo ajihesabie mwenyewe mali anayoilinda. Mkurugenzi anayejua biashara ya vinywaji haitaji kuelezwa hatari iliyopo hapo. Pia, njia hiyo inaacha saa moja tu ya ziada wiki nzima. Umeme ukikatika asubuhi moja, mpango umevunjika.

Hesabu ya njia ya tatu inakaa vizuri zaidi. Ritani ikitoka, zinabaki saa 21, muhtasari ni saa 5, jumla 26. Nafasi ya saa 4 ni ya kumeza dharura, na ndiyo sababu ya kuipendekeza.

Kosa la kawaida ni kuongeza chumvi. Kazi ya saa 14 ikiandikwa 30, bosi aliyewahi kuifanya ataona, na namba nyingine zote zitatiliwa shaka. Kosa jingine ni kusubiri hadi Alhamisi. Jumatatu bosi anaweza kuiomba benki isogeze kikao. Alhamisi jioni anachoweza ni kukasirika tu.

Huenda mkurugenzi akajibu: "Fanya zote, nitakupa msaidizi." Kwa stoo, msaidizi anafaa. Kwa taarifa ya mkopo, mgeni atahitaji kuelekezwa vocha zilipo na akaunti zilivyopangwa, na anayeelekeza ni mhasibu yuleyule. Frederick Brooks aliliandika hili mwaka 1975 kuhusu miradi ya programu za kompyuta: kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi.

Akisema afanye kazi hadi usiku, sheria ya ajira ya Tanzania inaruhusu kwa makubaliano, kwa kikomo cha saa 50 za ziada katika wiki nne, na malipo ya mara moja na nusu. Saa 12 zinaingia humo. Hiyo inakuwa njia ya nne, nayo ina bei yake katika shilingi, na mhasibu anaiweka mezani kama zile nyingine.

Akichagua ya kwanza, mhasibu anajibu kwa mstari mmoja: taarifa kamili Ijumaa saa 5, ritani wiki ijayo, stoo bila mimi. Kisha anamnakili mtunza stoo, ili Jumatano asimsubiri.