Malengelenge Mawili, Nyufa Mbili

Tuchukue wagonjwa wawili katika kliniki ya ngozi, wote wana malengelenge. Wa kwanza ni mama wa miaka 45. Malengelenge yake yamelegea, hupasuka hata kwa kuguswa na shuka, na huacha ngozi mbichi inayochonyota. Kabla ya hapo aliteseka miezi kadhaa na vidonda vya mdomoni, akipewa dawa za fangasi bila nafuu. Wa pili ni mzee wa miaka 78. Yake yamejaa na kukaza, hukaa siku kadhaa bila kupasuka, na yanamwasha mno.

Ngozi ya juu ni seli zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Kila seli imeshikamana na jirani yake kwa desmosomu, mfano wa vifungo vya shati. Ndani ya seli kifungo kimeshikizwa kwenye nyuzi imara za keratini. Nje, protini ziitwazo desmogleini hutoka kila upande zikakamatana katikati. Seli za chini kabisa zimetia nanga kwenye utando wa msingi, mkeka mwembamba unaotenganisha ngozi ya juu na ya ndani. Zipo pia fungo za kuziba, zinazozuia vitu kupenya ovyo kati ya seli za utumbo, na vijia vinavyopitisha umeme kati ya seli za moyo. Hizo hazikuguswa hapa.

Mama ana pemfigasi. Kingamwili zake zinashambulia desmogleini ya 3, ambayo mdomo unaitegemea sana, ndiyo maana vidonda vilianzia huko. Zilipoigeukia na desmogleini ya 1, ngozi nayo ikaachia. Ufa umepita ndani ya ngozi ya juu yenyewe, kwa hiyo lengelenge limeezekwa kwa seli zisizoshikana. Mzee ana pemfigoidi: zilizong'olewa ni nanga. Ngozi ya juu imenyanyuka nzima kutoka kwenye mkeka wake, na paa lake nene halitoboki upesi.

Daktari husugua kwa kidole ngozi iliyo nzima kando ya lengelenge. Ya mama humenyeka; ya mzee kwa kawaida hubaki. Uthibitisho hutoka maabara, kwenye kipande cha ngozi kilichotiwa rangi inayong'aa: kwa mama kingamwili huonekana kama wavu uliozunguka kila seli, kwa mzee kama mstari mmoja juu ya utando wa msingi.

Matibabu nayo hutofautiana. Mzee mara nyingi hutosheka na steroidi kali ya kupaka. Mama huhitaji prednisoloni ya kumeza pamoja na dawa nyingine za kutuliza kinga, kama azathioprini au rituksimabu. Kabla ya steroidi kupatikana, wengi wenye pemfigasi walikufa kwa maambukizi na kupoteza maji.

Basi ukiwa na vidonda vya mdomoni visivyopona kwa wiki 3, usiendelee kubadilisha dawa za fangasi. Mwone daktari wa ngozi au wa kinywa, na umwombe akuchukue kipimo cha kinyama.