Ndani ya ubavu wa boti ya faiba

Ubavu wa boti ya faiba umetengenezwa kwa vitu viwili visivyofanana. Kimoja ni kioo kilichovutwa kikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kingine ni resini, mara nyingi poliesta, ambayo fundi huipaka ikiwa majimaji kisha ikaganda. Resini iliyoganda peke yake ni plastiki inayopasuka kirahisi. Nyuzi peke yake ni kitambaa tu: ukizivuta zinakaza, ukizisukuma zinakunjika.

Zikiungana, kila moja hupata kazi yake. Nyuzi hubeba mzigo. Resini huzishika zisihame, huzizuia zisikunjike zinapobanwa, huzikinga dhidi ya maji na michubuko, na uzi mmoja ukikatika huupitisha mzigo wake kwa majirani.

Ni kiasi gani hasa kila upande hubeba? Tuchukue tabaka moja ambalo nyuzi zake zote zimelala upande mmoja, nusu ya ujazo wake ikiwa kioo na nusu resini. Ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kuvutika, hupimwa kwa gigapaskali. Kioo kina takribani 72, poliesta takribani 3.5. Tabaka likivutwa kufuata nyuzi, kioo na resini hurefuka kwa kiasi kilekile kwa sababu vimeshikana. Basi kila kimoja huchangia kadiri ya sehemu yake:

E₁ = 0.5 × 72 + 0.5 × 3.5 = 37.75

Hii ndiyo kanuni ya mchanganyiko. Katika hizo karibu 38, kioo kimeleta 36, kwa hiyo kimebeba asilimia 95 ya mzigo ingawa ni nusu tu ya tabaka.

Sasa livute tabaka hilohilo kwa kukata nyuzi. Mzigo unalazimika kupita kwenye kioo, kisha resini, kisha kioo tena, na kinacholegea zaidi ndicho kinachoamua. Hapa hesabu hugeuzwa:

1/E₂ = 0.5/72 + 0.5/3.5

Jibu ni karibu 6.7. Tabaka lilelile limepoteza zaidi ya nne kwa tano ya ukakamavu wake kwa kubadilishiwa upande tu. Fundi seremala analijua jambo hili kwenye ubao, unaostahimili kufuata nyuzi zake na kupasuka kirahisi sambamba nazo.

Hesabu ya kwanza huaminika sana, mradi nyuzi zimenyooka na resini imezishika vizuri. Ya pili ni makadirio ya chini: vipimo vya maabara kwa kawaida huwa juu yake, kwa sababu resini iliyobanwa katikati ya nyuzi haipati nafasi ya kutanuka kwa uhuru kama hesabu inavyodhani.

Kwa kuwa bahari haisukumi boti kutoka upande mmoja, matabaka hupangwa kwa pembe tofauti, moja likifuata urefu, jingine likikata, mengine yakienda mshazari. Njia nyingine ni kutumia mkeka wa nyuzi fupi zilizotawanywa ovyo. Mkeka ni rahisi kuulaza kwenye kona za kalibu, lakini una gharama yake, na boti nyingi hupoteza ukakamavu wao hapo. Mkeka hunywa resini nyingi. Kilo 1 ya mkeka ikilowekwa kwa resini kilo 2.3, kioo ni asilimia 30 ya uzito. Lakini kioo ni kizito kuliko resini, kwa hiyo kwa ujazo, ambao ndio hesabu yetu inautaka, kimebaki karibu asilimia 17. Ongeza kwamba nyuzi chache tu ndizo zimelala upande wa mzigo, na bamba zima hushuka hadi takribani gigapaskali 8.

Fundi akimwaga resini zaidi juu ya mkeka uleule, kioo hakiongezeki. Ubavu unanenepa na kuwa mzito, ila ukiuvuta huoni tofauti kubwa. Ukiubonyeza kwa mkono utauona mgumu kweli, maana unene husaidia sana kwenye kupinda, na ndiyo maana kubonyeza si kipimo cha kuaminika. Resini ikiwa chache nayo ni hatari: nyuzi hubaki kavu na nyeupe, hewa hukaa katikati, na mzigo haupati njia ya kupita. Ndiyo sababu rola hupitishwa tena na tena kabla resini haijaganda. Baada ya kuganda, gonga ubavu kwa sarafu. Mlio mkavu unaolingana ni mzuri. Mlio mzito na mfu sehemu moja huashiria hewa au matabaka yaliyoachana.

Mwenye shaka juu ya kiasi cha kioo huchukua kipande kilichokatwa pale tundu la bomba lilipotobolewa, hukipima uzito, na hukiweka kwenye tanuri la maabara karibu nyuzijoto 600. Resini huungua yote na kioo hubaki. Uzito uliobaki, ukigawanywa kwa ule wa mwanzo, ndio sehemu ya kioo kwa uzito, na kutoka hapo fundi anaweza kurudi kwenye hesabu yake.