Sahani Sitini, Wageni Arobaini

Meneja wa ukumbi yeyote pale Morogoro au Dodoma anaijua simu hii. "Dada, tuna semina wiki ijayo, watu sitini, sabini hivi. Chai mbili na lunchi. Kichwa ni bei gani?" Swali ni moja, lakini ndani yake kuna mawili, na la pili ndilo gumu: ni bei gani kwa kichwa, na hivyo vichwa vitafika vingapi?

Tuchukue semina ya siku moja ya watu 60, tuipigie hesabu tangu sokoni. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Kila mwenye ukumbi atazibadilisha kwa za soko lake.

Kwanza kuna vitu vinavyoongezeka kila mtu mmoja anapoongezeka. Chai ya saa nne ndiyo inayowaangusha wapya wa kazi hii. Wanaichukulia kama kikombe na andazi, na wanasahau kwamba mshiriki katoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kapanda basi, na hajatia kitu mdomoni. Kwake hiyo ndiyo staftahi. Atachukua sambusa mbili, chapati, yai la kuchemsha, na kama kuna supu ataifuata. Ukipanga vitafunwa viwili kwa mtu, wa mstari wa nyuma watakuta sinia tupu, na malalamiko ya saa nne hudumu hadi jioni. Tuweke shilingi 2,400 kwa kichwa. Chai ya saa kumi ni nyepesi, kwani wengi wanatazama saa: karanga, kipande cha keki, chai au kahawa, 1,300.

Chakula cha mchana tupime kwa gramu. Mchele mbichi gramu 150 kwa mtu unatosha endapo kuna ugali na ndizi pembeni. Kuku ni robo. Nyama ya ng'ombe ni gramu 120 ikiwa mbichi, maana motoni itapungua. Ongeza maharage, mboga za majani, kachumbari, tunda, mafuta na viungo, tunafika 7,300. Soda moja na maji chupa mbili ni 1,700. Jumla ni 12,700. Bafe haina mpimaji, na mwenye kupakua nyama vipande vitano hazuiliki, kwa hiyo tia karibu asilimia 10 ya upotevu. Sasa tuko kwenye 14,000 kwa kichwa.

Kisha kuna gharama ambazo hazijali wamekuja wangapi. Wapishi na wahudumu saba wa kutwa, 140,000. Gesi na mkaa, 60,000. Gari la sokoni, 30,000. Umeme, na dizeli ya jenereta ukikatika, 80,000. Kufua vitambaa vya meza, 40,000. Usafi, 50,000. Sehemu ya siku hiyo katika kodi ya jengo, viti na projekta, 200,000. Hizo ni 600,000, ziwe sahani 60 au 20.

Gawanya 600,000 kwa watu 60, kila mmoja anabeba 10,000. Jumlisha na ile 14,000, kichwa kimoja kinamgharimu mwenye ukumbi 24,000. Akiuza kwa 30,000 anabaki na 6,000, yaani 360,000 kwa siku nzima. Aliyesajiliwa kwa VAT ataongeza asilimia 18, kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, na bei ya kwenye profoma itasomeka 35,400. Andika waziwazi kama bei ina VAT au haina. Ugomvi mwingi wa siku ya malipo huanzia kwenye mstari huo.

Sasa wakaja 40.

Kama jikoni walipikia 60, malighafi imekula 840,000 na zile 600,000 ziko palepale: matumizi ni 1,440,000. Mteja akilipia 40 tu, inaingia 1,200,000. Mwenye ukumbi kawalisha watu siku nzima na kapoteza 240,000. Hata kama angejua mapema akapikia 40 tu, angebaki na 40,000, basi.

Ndiyo maana pakeji huwa na idadi ya chini, na namba hiyo haitoki hewani. Kila mgeni anayelipa 30,000 anaacha 16,000 baada ya chakula chake. Gawanya 600,000 kwa 16,000: wageni 38 ndio wanaorudisha gharama bila faida. Chini ya hapo ni kumfadhili mteja. Akiweka idadi ya chini 50, ana uhakika wa kubaki na 200,000. Mteja anayetaka idadi ya chini ishuke hadi 30 hajatoa ombi la ajabu, ila bei ya kichwa lazima ipande. Vyote viwili haviwezi kushuka pamoja, na meneja anayekubali vyote viwili ili asimpoteze mteja ndiye mnayemkuta baadaye akipunguza maziwa kwenye chai.

Idadi ya chini isichanganywe na idadi ya uhakika. Ya kwanza inakubaliwa siku ya kutia saini. Ya pili mteja huitoa karibu na siku yenyewe, kwa kawaida saa 72 kabla, kwa sababu ndipo mpishi anapoagiza kuku na nyama. Kwenye mfano wetu, mteja akitoa 56, atalipia 56 hata wakija 47. Akitoa 42, atalipia 50, ile ya chini. Wakija 63, atalipia 63, na jiko la makini huwa limeandaa ziada ya asilimia 5 hivi, watu watatu, ili aibu isimpate yeyote.

Halafu nani anahesabu? Mratibu ana karatasi ya mahudhurio yenye sahihi 56. Msimamizi wa bafe amehesabu sahani 64. Wote wanasema kweli. Zile nane ni madereva wa wakubwa, mpiga picha, waandishi wawili, na vijana wa vyombo vya sauti. Hakuna aliyewaalika, na hakuna mwenye moyo wa kuwafukuza dereva na sahani yake. Dawa ni kuponi, au sentensi moja kwenye mkataba: kila anayekula anahesabiwa, madereva wakiwemo, na hesabu ya sahani itasainiwa na pande mbili mara tu baada ya chakula. Saa nane mchana watu wameshiba na wanakubaliana. Wiki tatu baadaye, kwenye ofisi ya mhasibu, hakuna anayemkumbuka dereva. Mwezi wa Ramadhani una mazungumzo yake: kama nusu ya washiriki wamefunga, kubaliana mapema kwamba lunchi yao itageuzwa futari ya kubeba, badala ya kubishania punguzo siku ya ankara.

Advansi nayo inatoka kwenye hesabu ileile. Swali lake ni hili: kabla mgeni wa kwanza hajaketi, fedha kiasi gani imeshatoka mfukoni? Kwa watu 50, malighafi ni 700,000. Mkataba wote pamoja na VAT ni 1,770,000, na nusu yake ni 885,000. Lakini humo ndani 135,000 ni VAT, na kodi hiyo haisubiri siku ya semina. Fedha ikipokewa, wajibu wake umeanza. Inabaki 750,000, yaani soko limelipwa na chenji ni 50,000. Kwa hiyo asilimia 50 ambayo wateja wengi huiona kubwa inafika sokoni na kuishia hapo. Posho za wahudumu bado. Anayekubali asilimia 20 ajue kwamba yeye ndiye anayemkopesha mteja.

Mteja wa serikali ni habari nyingine. Mara nyingi huleta hati ya oda, na malipo hufuata baada ya huduma. Hapo kinga iliyobaki ni maneno ya kwenye hati yenyewe: iwe na bei, idadi ya chini, na idadi ya siku. Oda iliyoandikwa "chakula cha semina" bila namba ni karatasi dhaifu.

Tufike kwenye kufuta, sehemu ambayo wengi huinakili kutoka hoteli nyingine bila kuipigia hesabu. Tuchukue ile thamani ya watu 50 bila VAT: 1,500,000. Mteja akifuta siku tano kabla na ukumbi ukakosa mwingine, mwenye ukumbi haendi sokoni, hivyo anaokoa 700,000. Haiti wahudumu, hawashi jenereta, hafui vitambaa: 400,000 nyingine. Hasara halisi ni 400,000, yaani kodi ya jengo na faida aliyoitarajia. Hiyo ni asilimia 27 hivi. Akifuta jioni ya kuamkia semina, kuku wameshachinjwa na nyama ipo. Mchele, sukari na soda vitauzwa kwa wengine, tuseme 150,000; gesi, dizeli, kufua na nusu ya posho vinaokoa 250,000. Hasara ni 1,100,000, asilimia 73.

Ngazi zinajipanga zenyewe: wiki mbili na zaidi kabla, rudisha advansi na ubakize gharama za ofisi, ndani ya wiki moja, asilimia 25 hadi 30, siku ya mwisho, 75, asubuhi yenyewe chakula kikiwa motoni, kitu kizima. Ngazi hizi zina maana mahakamani pia. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa fidia ya kadiri isiyozidi kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Kuandika "asilimia 100 wakati wowote" hakumhakikishii mtu asilimia 100. Mwenye karatasi ya hesabu kama hii ana cha kumwonyesha hakimu, na kabla ya hakimu, mteja mwenyewe.

Kinachotokea zaidi ya kufuta ni kuahirisha. Mgeni rasmi kaitwa kikao kingine, semina inasogea "hadi tutakapotangaza". Bila kipengele chake, pande mbili zitavutana: mteja anadai hajafuta, mwenye ukumbi ana friji lililojaa kuku. Mkataba mzuri huruhusu kuahirisha mara moja, advansi ikabebwa hadi tarehe mpya ndani ya siku 90, mradi taarifa ije wiki moja kabla. Taarifa ikichelewa, vilivyokwishanunuliwa na visivyohifadhika vinalipiwa kwa risiti, na tarehe mpya inaandikwa siku hiyohiyo. Ikipita siku ya 90 bila tarehe, inahesabiwa kuwa imefutwa, na ngazi zilezile zinatumika.