Snapshoti Si Bakapu

Fundi wa seva anayetaka kusasisha programu ya uhasibu hubofya kwanza `Take Snapshot`, ndipo anaendelea na kazi. Sasisho likiharibika, anabofya `Revert` na mashine inarudi ilivyokuwa. Shughuli yote ya kuichukua snapshoti huisha kwa sekunde chache, hata diski ikiwa na GB 400. Wepesi huo ndio unaowafanya wengi waamini kwamba wameshapata bakapu. Lakini GB 400 hazinakiliki kwa sekunde. Sasa kimefanyika nini?

Mashine pepe ni kompyuta nzima iliyohifadhiwa ndani ya mafaili. Kwenye VMware, diski yake ni faili moja kubwa, tuseme `hesabu-flat.vmdk`. Snapshoti ikichukuliwa, faili hilo halinakiliwi popote. Linafungwa tu lisiandikwe tena, na pembeni yake linafunguliwa jingine dogo, `hesabu-000001-sesparse.vmdk`, la kupokea kila kitakachoandikwa kuanzia hapo. Ukichukua snapshoti ya pili, hilo dogo nalo linafungwa na linakuja la `000002`. Huo ndio mnyororo wenyewe: kila faili linamtegemea aliyemtangulia, hadi kwa faili mama. Faili mama likiharibika, yaliyo juu yake yote hayana kazi tena.

Bakapu kamili ni nakala ya diski nzima, iliyopelekwa kwenye kifaa kingine, na inaweza kurejeshwa hata kama seva ya awali imeungua. Ni kweli kwamba programu za bakapu nazo huanza kwa kuchukua snapshoti, ili diski itulie wakati wa kunakili, kisha huifuta zikimaliza. Balaa huja zinaposhindwa kuifuta, kwa mfano kwa sababu faili bado limeshikwa na mashine nyingine. Kesho usiku zinaongeza nyingine, na mnyororo unarefuka bila mtu kubofya chochote.

Urefu huo una gharama. Mashine ikihitaji kipande cha data, mfumo huanza kukitafuta kwenye faili la mwisho. Kisipokuwepo, unashuka kwenye la kabla yake, na kadhalika hadi kwa faili mama. Kila ngazi ina ramani yake ya kusoma. Data iliyokuwa imepangwa mfululizo sasa imetawanyika kwenye mafaili manane au kumi, kwa hiyo ombi moja linazaa maombi mengi. Kuandika nako kunaongezewa kazi, kwani faili dogo hukua kila mara, na kila linapokua lazima nafasi itengwe na ramani iandikwe upya. Na kwa kuwa mashine nyingi hukaa kwenye ghala moja la data, lile linaloitwa `datastore` kwenye skrini, foleni ni ya wote. Ndiyo maana mtu wa duka hulalamika kuwa mfumo wake ni mzito, ilhali mnyororo uko kwenye mashine ya uhasibu.

Tuchukue mfano. Ghala lina GB 1,000, na mashine tatu zimeshajaza GB 800. Mashine ya uhasibu inaachiwa snapshoti, na kila siku inagusa GB 10 za sehemu mpya za diski. Baada ya siku 20, zile GB 200 zilizobaki zimeliwa. Hapo mashine inasimama, na skrini inaandika `There is no more space for virtual disk`. Kubaya zaidi, hata kufuta kunaweza kukwama. Kufuta snapshoti si kutupa faili. Ni kurudisha data yake ndani ya faili mama, na wakati huo mashine inayofanya kazi inaweza kuhitaji faili jingine la muda la kuandikia. GB 200 zinaweza kuchukua saa nyingi kuunganishwa, huku ghala likizidi kulemewa.

Orodha ya snapshoti isikutoshe, maana mabaki ya bakapu huweza yasionekane humo. Ukiona onyo la `Virtual machine disks consolidation is needed`, ingia kwenye seva ya ESXi uyatafute mafaili yenyewe:

```
find /vmfs/volumes/ -name "*-sesparse.vmdk" -exec du -h {} \;
```

Amri hii inafaa ghala la VMFS6. Ghala la zamani huwa na mafaili yanayoishia na `-delta.vmdk`. Ukikuta `000009` kwenye mashine ambayo hujaigusa, umeshampata mchawi.

VMware inaruhusu mnyororo wa snapshoti hadi 32, lakini mwongozo wake unashauri zisizidi mbili au tatu, na moja isikae zaidi ya saa 72. Mimi naiona hiyo 32 kama mtego. Sasisho likishakubali, futa snapshoti usiku huohuo, watumiaji wakiwa wachache na ghala likiwa bado na nafasi.